Namna ya Kumlipia Mwenye Nyumba Nyumba Yake

Anza kwa kusaini haraka. Usiulize kama karatasi uliyopewa ni mkataba wa mauzo, au ni upangaji tu wenye ahadi ya kukuuzia baadaye. Tofauti hiyo huonekana siku unapokwama, na siku hiyo utakuwa umechelewa.

Tuseme nyumba iko Kitengela, bei yake shilingi 3,000,000. Unatanguliza 300,000, kisha kila mwezi, kwa miaka 10, unalipa 40,000: 17,500 ni kodi na 22,500 zinapunguza bei. Usidai stakabadhi inayotenganisha mafungu hayo mawili. Ikiandikwa “kodi” peke yake, kazi ya kukunyang'anya imekwisha kurahisishwa.

Halafu ruka kile kifungu kinachosema kwamba ukikosa miezi miwili, mkataba umevunjika na yote uliyolipa yatahesabiwa kuwa kodi. Umelipa miaka 4 bila kukosa, kisha kazi inakatika. Deni lako ni 80,000. Lakini ndani ya nyumba ile umeshaweka 1,380,000 za bei: kianzio pamoja na miezi 48 ya 22,500. Karibu nusu ya nyumba inakwenda kwa deni la miezi miwili, pamoja na tangi la maji na vigae ulivyoweka kwa sababu uliamini kwako ni kwako. Hati miliki haikuwahi kuwa na jina lako. Huo ni unyang'anyi uliovishwa saini, na inauma kwamba watu wanaupokea kama bahati mbaya.

Ukitaka kukamilisha hasara, ondoka mara unapoambiwa uondoke. Usiseme neno kuhusu Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012. Sheria hiyo inasema kwamba mnunuzi akishaingia kwenye nyumba chini ya mkataba wa mauzo, muuzaji anayetaka kuuvunja huichukua tena nyumba kwa amani au kwa amri ya mahakama, na hutakiwa kutoa ilani inayotaja kosa. Mnunuzi naye anaweza kuiomba mahakama imwokoe na uvunjaji huo. Kuvunja kufuli usiku na kutupa godoro nje hakumo. Ila kama karatasi yako ni ya upangaji tu, mwenye nyumba atasema hukununua chochote, na hapo ndipo ile haraka ya kusaini inapokugharimu.

Anayetaka kuishi humo hadi mwisho afanye kinyume chake: wakili asome kabla ya kianzio kutoka, msajili wa ardhi athibitishe kwamba hati haijawekwa rehani benki, na mkataba utaje kwa tarakimu kiasi gani cha zile 22,500 kitarudishwa malipo yakikatika, na ndani ya siku ngapi. Muuzaji akikataa kuandika mstari huo, kianzio kibaki mfukoni.