Namna ya Kumaliza Mtaji wa Uwakala Bila Kuibiwa na Mtu

Mwongozo huu ni wa mwenye kibanda wa Masaki, na niseme mapema kwamba ni Masaki ya Kisarawe, ya mihogo na mikorosho. Wenzetu wa Masaki ile nyingine, ya nyumba za mabalozi na upepo wa bahari, wakipoteza shilingi elfu thelathini hawashtuki hata usingizini. Huku kwetu elfu thelathini ina jina, ina ukoo, na ikipotea lazima kuna mtu wa kusingiziwa.

Tangu M-Pesa ianze nchini mwaka 2008, vibanda vya uwakala vimefunguliwa kila penye kivuli, na vingi vimefungwa kimyakimya. Ukimuuliza mwenyewe, atakwambia biashara imekufa. Hatakwambia iliugua nini, kwa sababu hakuipima. Na wewe usipime. Hiyo ndiyo kanuni mama ya mwongozo huu.

Adui yako mkubwa ni jambo moja jepesi mno, ambalo ukilijua tu utashindwa kufilisika kwa amani. Pesa ya wakala haiongezeki wala haipungui kwa kuweka na kutoa. Inahama tu. Mteja akiweka pesa, anakupa noti na floti yako inashuka kwa kiasi hichohicho. Akitoa, floti inapanda na droo inashuka. Ukiuza vocha, salio la vocha linapungua na keshi inaongezeka. Kwa hiyo jioni ukijumlisha floti, keshi na vocha, jumla inatakiwa iwe ileile ya asubuhi. Ikiwa pungufu, kuna kitu kimetoka. Ikizidi, usifurahi: huenda kuna mteja umempunja, na kesho atakuja na shemeji zake.

Ndiyo maana nakushauri usihesabu asubuhi. Fungua dirisha, washa simu, anza kazi. Asiyejua alianza na ngapi hawezi kuambiwa amepungukiwa.

Ushauri wa pili: keshi ya uwakala iweke droo moja na ya sabuni, sukari, maandazi na mafuta ya taa. Kibanda kikiwa na droo mbili, mtu anaweza kujua ni ipi inayovuja. Ikiwa moja, ukinunua unga wa nyumbani kwa pesa ya mteja wa M-Pesa, unga utaliwa na hakuna atakayekuuliza. Nauli ya bodaboda ya kwenda Kisarawe mjini kutafuta keshi nayo itoe humohumo na usiiandike. Si ni kazi ya ofisi?

Safari hizo zitakuwa nyingi, kwa sababu kibanda cha kijijini kina tabia yake. Watoto wako Dar es Salaam, wazazi wako Masaki, na pesa inatoka huko kuja huku. Wanaotoa ni wengi kuliko wanaoweka. Msimu wa korosho ndiyo kabisa. Ikifika saa sita mchana floti imejaa na droo imebaki na sarafu. Wakala mwenye akili angepatana na mwenye duka la jumla jirani, ambaye jioni ana noti tele na kesho anahitaji kutuma pesa ya mzigo Kariakoo: nipe keshi, nikuwekee kwenye simu. Wote wawili wangeokoa nauli, na wakala angepata kamisheni ya kuweka juu yake. Wewe usifanye hivyo. Mwambie mteja "mtandao uko chini" na umwache aende kwa jirani yako. Uongo huo una faida: mteja harudi tena, na kazi inapungua.

Ukitaka kuharakisha mambo, chukua laini za mitandao yote kwa mtaji uleule mmoja. Ni kweli kwamba kuanzia 2014 mitandao ilianza kuunganishwa, na mteja wa mtandao mmoja akaweza kumtumia wa mwingine. Lakini floti yako haikuunganishwa. Iliyo kwenye M-Pesa haimsaidii anayetaka kuweka Airtel Money. Mtaji wa milioni moja ukiugawa kwenye laini nne, kila laini ina mahali pa kukwama.

Sasa tuchukue siku moja ya mfano, tuone utamu ulivyo. Tuseme kibanda kina laini moja ya pesa na moja ya vocha. Asubuhi floti ni 600,000, keshi 350,000 na vocha 50,000. Jumla milioni moja kamili. Anayekaa dirishani ni binti, na binti huyu ana kasoro kubwa: anaandika kila muamala kwenye daftari. Mwenye kibanda amemkanya, hasikii.

Jioni daftari linasema watu wameweka 420,000, wametoa 540,000, na vocha zimeuzwa 32,000. Kwa hesabu hiyo floti inatakiwa iwe 720,000, keshi 262,000 na vocha 18,000. Jumla ileile, milioni moja. Binti anaangalia salio la laini: 690,000. Anahesabu droo: 253,500. Vocha zipo 18,000 kama zilivyoandikwa. Jumla ni 961,500. Zimekosekana 38,500.

Mwenye kibanda anayefuata mwongozo huu angeishia hapo na kuanza kufoka. Lakini binti, kwa ukaidi wake, anafanya jambo la hatari: hachukui 38,500 kama fungu moja. Anauliza ni wapi zimepungua. Floti imepungua 30,000. Keshi imepungua 8,500. Hayo ni magonjwa mawili.

La keshi ni rahisi. Bodaboda wa kijiweni alirushiwa vocha ya 5,000 "nakuletea sasa hivi", na mama lishe ya 1,500. Hizo 6,500. Zilizobaki 2,000 mwenye kibanda mwenyewe alipita saa nne akachukua ya chai na chapati, akasema ataandika. Hakuandika, maana bosi haandikwi.

La floti ni zito zaidi. Keshi ikipungua peke yake, huku floti ikikubaliana na daftari, kosa liko mkononi: umezidisha chenji, umekopesha, umekula. Lakini floti ikiwa pungufu kuliko daftari, maana yake kuna muamala mmoja ambao laini na daftari hawauoni sawasawa. Ama mtandao ulichelewa, ujumbe haukuja, ukarudia kumwekea mteja mara ya pili, na floti ikatoka mara mbili kwa keshi moja. Ama uliandika kutoa ambako hakujatokea. Binti anafungua menyu, `*150*00#`, anatazama taarifa ya miamala na kuilinganisha na daftari mstari kwa mstari. Kwenye daftari kuna kutoa kwa 30,000 saa kumi jioni, wakati foleni ilikuwa ndefu. Kwenye laini hakuna. Ujumbe uliingia, mtu akapewa noti tatu za elfu kumi, akaenda zake.

Ujumbe bado upo kwenye simu ya kibanda, na ukiutazama unajisema wenyewe. Umetoka kwenye namba ya kawaida ya mtu, ilhali ule wa kweli huja kwa jina la huduma. Tena una salio lisilofuatana na ujumbe uliotangulia. Hapo ndipo matapeli wengi huanguka, kwa kuwa hawajui una salio gani. Salio la nyuma ukilijumlisha na 30,000 unatakiwa upate salio jipya. Huu una tarakimu za kubahatisha. Kuangalia salio kwenye menyu kabla ya kutoa noti kungechukua muda mfupi kuliko kuhesabu noti zenyewe. Ndiyo maana nakusisitiza usiangalie, hasa foleni ikiwa ndefu na mteja akiwa na haraka. Tapeli naye anapenda foleni ndefu.

Tukitoka hapo, tuje kwenye kamisheni, maana hapa ndipo mtaji huliwa kwa furaha. Faida ya vocha na kamisheni ya pesa hazina tabia moja. Vocha unainunua kwa punguzo, kwa hiyo faida unaipata siku ya kununua: tuseme unatoa keshi 47,500 na salio la vocha linapanda 50,000. Papo hapo jumla yako imeongezeka 2,500, na unaiona. Kamisheni ya kuweka na kutoa haifanyi hivyo. Haiingii kwenye droo wala kwenye floti ya siku. Inakusanywa pembeni na mtandao, inakuja kulipwa baadaye, ikiwa imekatwa kodi ya zuio ya asilimia 10.

Kwa hiyo mbinu ni hii: kila mteja akitoka dirishani, jipigie kamisheni yake kichwani na uichukue palepale kwenye droo. Mwisho wa mwezi kamisheni yenyewe ikija, ichukue tena. Utakuwa umelipwa mara mbili kwa kazi moja, na mlipaji wa mara ya kwanza ni mtaji wako. Wenye haraka zaidi humvunjia mteja muamala, anayetaka kutoa mara moja wanamtolea mara tatu, ili kamisheni iongezeke. Mteja hulipa makato mara tatu, mtandao huona mfululizo huo kwenye mashine zake, na laini inaweza kufungiwa. Laini ikifungiwa, kufilisika kunakuwa rahisi sana.

Na kwa kuwa umeahidi kutopima, usifanye hesabu hii ya mwisho, nitakufanyia mimi. Tuseme siku ile ya binti ilikuwa na kamisheni ya 9,000. Ukitoa kodi inabaki 8,100. Vocha za 32,000 kwa punguzo la asilimia 5 zimezaa 1,600. Siku nzima ya kukaa juani ni 9,700. Hata bodaboda na mama lishe wakilipa, na bosi akirudisha ya chapati, zile 30,000 za ujumbe wa uongo ni kazi ya zaidi ya siku tatu.

Kilichobaki ni kumfukuza binti. Ndiye aliyegundua, kwa hiyo ndiye mwizi. Mdai ufunguo, mnyang'anye daftari ulichome, tafuta mwingine asiyejua kuandika. Ila namba ya siri ya laini kaibadilishe wewe mwenyewe, leo, kwa sababu ulimwambia yeye, ukamwambia na shemeji, na ukaiandika kwa kalamu nyuma ya simu.