Weli, Bati, Tunaiti Ai Kenti

Kila asubuhi katika Mji Mkongwe yupo mtembeza watalii anayeiacha njia yake ya kawaida ya Gizenga, akakata uchochoro wa nyuma kuelekea Hurumzi, akichungulia kila kona kama mwenye deni la duka. Hadaiwi hata senti. Jana mchana aliwapeleka mume na mke kwenye mashamba ya viungo Kizimbani, nao wakamwalika chakula cha usiku. Akawajibu palepale, kwa bashasha zote, “Yesi, yesi, inshallah, no problem!” Alikuwa anakataa. Wao wakaweka meza ya watu watatu juu ya paa, wakakaa wakikitazama kiti kitupu mpaka supu ikapoa, na leo wakikutana naye watamuuliza, kwa upole ule unaochoma kuliko tusi, kama kuna salama nyumbani. Nimemsema kama mtu mmoja, lakini ni ukoo mzima: wapokezi wa hoteli, manahodha wa boti za Changuu, walimu wa Kiswahili, akina dada wa masaji. Kiingereza chao si kibovu. Wengine wanakisema vizuri kuliko wageni wenyewe, hasa wageni wa Kitaliano. Shida ni kwamba hapana yao wameiweka mahali ambapo mgeni hapatazami.

Fikiria sisi kwa sisi hukataana vipi. Mtu wa Unguja akialikwa na nia ya kwenda anayo, huuliza: baada ya Isha au kabla? Ni kwa mama mkubwa au kwa shangazi? Nije na watoto? Asiye na nia husema inshallah, akatabasamu, akauliza habari za mgonjwa wenu. Inshallah yenyewe haina hatia, kwani hata anayekuja huisema. Kinachokataa ni maswali yasiyoulizwa. Mwalikaji anasikia, hachukii, na pishi la mchele halipimwi kwa ajili ya mtu huyo. Sasa mpe jibu hilohilo mtu aliyeshuka kutoka Manchester wiki hii. Yeye amesikia yesi mbili, amesikia hakuna tatizo, na lile neno la katikati amelichukua kuwa pambo la kienyeji. Kwa hesabu yake kakubaliwa mara tatu.

Hapa ndipo wengi wetu husema kwamba basi Mzungu ni mtu wa kunyooka, hajui mizunguko, kwa hiyo dawa ni kumwambia “No” kavu likaisha. Ushahidi unakataa, na ushahidi wenyewe uko Forodhani kila jioni. Papasi anamsogelea mgeni na safari ya pomboo wa Kizimkazi, mgeni anatabasamu na kusema, “Meibi leta.” Labda baadaye! Papasi, mtu mwaminifu kwa kazi yake, anahesabu baadaye hiyo, anarudi baada ya saa moja na kumkumbusha ahadi. Mgeni anaghadhibika: mbona nilishakataa? Papasi naye anaona kadanganywa. Ukiniuliza mimi, papasi ndiye mwenye haki, kwani maneno aliyoambiwa hayana hapana hata ya dawa. Ndivyo Mngereza anavyokataa, kwake na kwa mwenziwe. Anazunguka kama sisi tu, ila mzunguko wake una ramani nyingine.

Ramani hiyo imechorwa kwa makini ya kushangaza. Tangu miaka ya 1960 wako wataalamu, Harvey Sacks wa California akiwa mmoja wa waasisi, wanaorekodi mazungumzo ya kawaida ya simu na kuyaandika pamoja na kila pumzi, kikohozi na kimya. Wakagundua kwamba katika Kiingereza kukubali na kukataa havifanani hata kwa umbo. Kukubali huja haraka, kwa maneno machache. Kukataa huja kumechelewa. Utafiti wa mwaka 2009 uliolinganisha lugha kumi (Kiswahili hakimo, kama kawaida yetu) ulikuta kwamba kati ya swali na jibu watu huacha nafasi ndogo sana, kwa wastani kama sehemu 2 za sekunde iliyogawanywa kumi. Utafiti mwingine, wa mwaka 2015, ukasikiliza miito ya simu ya Kiingereza na kuona kwamba nafasi hiyo ikipita kama sehemu 7 kati ya kumi, majibu ya kukataa huanza kuyazidi ya kukubali. Yaani Mngereza anaanza kusikia hapana kabla mdomo wako haujafunguka. Kimya chenyewe kimekwishamwambia ajiandae.

Baada ya kimya ndipo vinakuja vipande vyenyewe, na mpangilio wake hauchezewi. Niviandike kama sikio la Darajani linavyovisikia. Kwanza “Oo,” ya kuvutwa. Kisha shukrani: “Zati iz so kaindi of yu.” Kisha “Weli,” neno dogo ambalo kwenye kamusi linaonekana kama halina kazi, kumbe ndilo bawabu anayefunga mlango. Kisha hamu: “Aidi lavu tu.” Kisha “bati,” na hapo mgeni anayejua lugha yake hahitaji tena kusikiliza. Mwisho sababu: “Ai kenti tunaiti, ai hevu tu bi hom.” Angalia sababu hiyo ilivyokaa. Inasema siwezi, haisemi sitaki. Kosa limetupwa kwa nyumba, kwa saa, kwa wajibu, wala halimgusi aliyealika wala chakula chake. Joto lote la urafiki limetangulia mbele, na mlango umefungwa katika pumzi hiyohiyo. Ukitaka kuongeza “sam aza taimu,” siku nyingine, ongeza, lakini baada ya sababu. Ikija baada ya sababu ni adabu. Ikija peke yake ni miadi, na mtembeza watalii wetu kesho atakata uchochoro tena. Ile yesi yake ilikuwa na makosa mawili kabla ya maana: ilikuja upesi, na ilikuja bila weli.

Lakini hata mwenye kuvipanga vipande vyote huanguka kwenye sababu, na hapa Unguja inatuponza kuliko mahali pengine duniani. Sababu zetu ni tamu mno. Mwalikwa anasema, kwa ukweli mtupu, kwamba hawezi kuja kwa kuwa usiku kuna harusi ya binamu yake Mchangani. Macho ya mgeni yanawaka. Harusi! Ya Kizanzibari! Je, na sisi tunaweza kuja? Tutakaa pembeni, hatutasumbua, kamera ni hii ndogo tu. Saa moja baadaye bibi harusi ana wageni sita wenye kaptula, na aliyekuwa anakwepa sahani moja ya pweza sasa anatafuta kanga za kuwafunika magoti. Jaribu maulidi, watataka kusikia dufu. Sema huna usafiri wa kurudi Fuoni usiku, watakulipia teksi. Mtaalamu Judith Davidson alilieleza jambo hili mwaka 1984: mwalikaji akihisi anakataliwa, huutengeneza mwaliko wake upya ili kukiondoa kile kikwazo. Kwa hiyo kikwazo kisiwe cha kuondoleka, tena kisiwe cha kupigwa picha. Sababu bora kwa Kiingereza ni ile inayochosha: kusimamia masomo ya mtoto, kuamka alfajiri, hesabu za kazini. Hajapata kutokea mtalii aliyeomba kufuatana na mtu kwenda kukagua risiti.

Atakuja mtu aniambie kwamba nafundisha uongo. Je, asiye na mtoto wa kusimamia aseme nini? Swali ni zuri, na jibu lake limo humohumo katika lugha yao, kwani haikudai maelezo. “Ai hevu samthingi on tunaiti,” nina shughuli usiku huu, inatosha kabisa, na kulala mapema ni shughuli. Mngereza akiuliza zaidi ya hapo yeye ndiye aliyekosa adabu. Kinachomshtua ni kukosekana kwa sababu yoyote. Sababu isiyo na maelezo haimshtui. Na akisisitiza mara ya pili, usitoe sababu mpya. Rudia ileile kwa maneno yaleyale, kwani anayeleta sababu ya pili ameikana ya kwanza.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na sina hamu ya kulijibu kwa mzaha. Kwa nini tujifunze sisi? Mgeni ndiye aliyekuja, naye hajapoteza hata jioni moja kujifunza kwamba asiyeuliza saa haji. Ni kweli, na kuna baya zaidi. Katika kazi za hoteli watu hufunzwa kwamba mgeni haambiwi hapana, kisha watu haohao huachwa wamkatae mgeni mlevi saa nane za usiku kwa lugha ya tatu, wakitabasamu, huku nyota za maoni yake zikining’inia juu ya mkataba wao. Mgeni akimtupia papasi meibi leta hapotezi kitu. Mhudumu wa kike wa Nungwi akialikwa “matembezi kidogo” ufukweni na mtu anayetoa bakshishi, kila sauti anayotoa ina bei. Na yule mwalikaji hudai baadaye kwamba hakuelewa, kwa sababu binti hakutamka neno “No.” Hilo nalo limechunguzwa. Mwaka 1999 Celia Kitzinger na Hannah Frith, wa Uingereza, waliwasikiliza wanawake vijana wakieleza wanavyokataa, wakayalinganisha maelezo yao na rekodi za mazungumzo ya kila siku, na kuonyesha kwamba karibu hakuna anayekataa mwaliko wowote kwa neno hilo, na kwamba wasikilizaji huelewa vizuri kimya, weli na bati wanapokataliwa kahawa. Mwanamume anayeelewa weli ya kahawa haiwezekani asielewe weli ya ufukweni. Hajakosa lugha. Amekosa kukubali kukataliwa, na mtu huyo apewe “No” kavu, bila oo, bila shukrani, na meneja aitwe.

Mikasa mingine ni midogo. “Du yu maindi if ai siti hia?” anauliza mgeni, nasi tunamjibu “Yesi, yesi, karibu!” na kumwacha amesimama, kwa sababu ameuliza kama atatukera. “Yu ah not kaming?” anauliza mwingine, nasi tunasema “Yesi,” kwa maana ya ndiyo, siji, na kiti cha tatu kinawekwa tena mezani.