Jibu: Sifuri

Siku nikimjua aliyeandika ile fotokopi ya majibu ya fizikia inayozunguka hapa Lubunga, nitamwomba anialike kwake, anipe lituma na samaki, halafu anieleze taratibu ni vipi mkokoteni wa mkaa unaweza kukimbia peke yake kilometa 29 kwa saa.

Swali lenyewe halina ubaya. Linasema hivi: pikipiki ya kilo 200, pamoja na dereva na mizigo yake, inakwenda mita 10 kwa sekunde. Inaugonga kwa nyuma mkokoteni wa mkaa wa kilo 300 uliosimama. Vinanasana na kwenda pamoja. Tafuta kasi yao baada ya mgongano, kisha tafuta nishati mwendo iliyopotea. Ni swali la kwetu kabisa. Anayeishi ng'ambo hii ya mto, kwenye barabara inayoshuka kivukoni, hahitaji kuambiwa mkokoteni wa mkaa unasimama vipi katikati ya njia wala pikipiki inakuja vipi.

Ila majibu! Fotokopi inasema: pikipiki inarudi nyuma kwa mita 2 kwa sekunde, mkokoteni unakwenda mbele kwa mita 8 kwa sekunde. Nishati iliyopotea: sifuri. Chini yake kuna mistari miwili, kama anayepiga muhuri.

Mimi nilishastaafu kufundisha, lakini mtaa huu haujapewa taarifa. Jua likianza kushuka watoto wanajipanga barazani kwangu na madaftari, na wazazi wao wanapita wakinisalimia kwa heshima nyingi ili nisitaje malipo. Aliyeniletea balaa hili ni binti wa jirani, yuko darasa la mwisho, anajiandaa kwa mtihani wa serikali. Ana akili, na ana ule ubishi unaokuja na akili.

"Koko," akaniambia, "jibu ni sahihi. Nimelihakiki."

Nikamwambia alihakiki mbele yangu. Akaanza na momenta. Kabla ya kugongana, 200 mara 10 ni 2,000. Baada ya kugongana, pikipiki ina 200 mara 2, yaani 400, lakini inarudi nyuma, kwa hiyo tunaweka alama ya kutoa. Mkokoteni una 300 mara 8, yaani 2,400. Toa 400, unabaki na 2,000. Imelingana. Akaja kwenye nishati mwendo, ambayo ni nusu ya kilo zidisha kasi mara yenyewe. Mwanzo ni jouli 10,000. Mwisho pikipiki ina jouli 400, mkokoteni jouli 9,600. Jumla 10,000. Akanitazama kama wakili aliyemaliza kesi.

Na hapo ndipo hasira zangu zilipo, wasomaji wangu. Kosa la kujumlisha vibaya ni rahisi kulikamata, hata muuza dagaa analikamata. Hili hesabu zake zimelala sawa kama mistari ya daftari, ndiyo maana linahama kutoka fotokopi moja hadi nyingine mwaka baada ya mwaka na hakuna anayelisimamisha. Kila kitu kimelingana isipokuwa swali.

Nikamwambia, "Mama, nisomee tena neno la mwisho kabla ya 'tafuta'."

Akasoma: vinanasana na kwenda pamoja.

"Sasa pikipiki yako iko wapi?"

"Inarudi nyuma."

"Na mkokoteni?"

Akanyamaza kidogo. "Unakwenda mbele."

Vitu vilivyonasana, kimoja kinaelekea mtoni na kingine kinaelekea stesheni! Huo ni uchawi, na uchawi una mwalimu wake.

Tuliweke sawa. Mgongano ambao vitu vinanasana una kitu kimoja tu kisichojulikana, nacho ni kasi moja ya vyote viwili. Momenta peke yake inatosha kuipata: 2,000 gawanya kwa kilo 500, unapata mita 4 kwa sekunde. Basi. Nishati mwendo baada ya hapo ni nusu ya 500 mara 16, yaani jouli 4,000. Mwanzo zilikuwa 10,000. Zilizopotea ni 6,000.

Aliyeandika fotokopi aliona jibu limekuja haraka mno, akahisi amepunjwa, akaenda kuongeza sharti la pili ambalo hakuna aliyempa: kwamba nishati mwendo nayo ibaki ileile. Masharti mawili yanataka visivyojulikana viwili, kwa hiyo ikambidi avitenganishe vitu ambavyo swali limeviunganisha. Alichokitatua ni mgongano nyumbufu, ule wa vitu vinavyodundana bila hata mkwaruzo. Hesabu ni safi, ajali ni nyingine.

Kaka yake binti, anayejiona mjanja kuliko fotokopi, akadakia kwamba yeye ameshika "vinanasana" lakini ametumia nishati badala ya momenta: nusu ya 500 mara kasi mara yenyewe iwe 10,000, kasi inatoka mita 6.32 kwa sekunde. Nikamuuliza momenta yake sasa ni ngapi. Akapiga: 500 mara 6.32, yaani 3,160. Na mwanzo ilikuwa 2,000. Hiyo 1,160 ya ziada nani kaisukuma? Akasema labda upepo. Nikamwambia akakae pale karibu na mbuzi.

Najua wanakokosea. Tangu wakiwa wadogo wameimbishwa kwamba nishati haipotei, na ni kweli haipotei. Lakini nishati ni ukoo mzima, nishati mwendo ni mtoto mmoja tu wa ukoo huo, na hakuna sheria inayomzuia kuhama nyumba. Pikipiki inapojichomeka kwenye mkokoteni, uma wa mbele unapinda, mbao zinapasuka, magunia yanachanika, vumbi la mkaa linaruka, mtaa mzima unasikia kishindo, na ukigusa chuma kilichopinda utakuta kina joto. Vyote hivyo vimelipwa kutoka kwenye zile jouli 6,000. Ukiandika sifuri, umesema uma haukupinda. Mwambie hivyo mwenye pikipiki.

"Basi kwa nini momenta yenyewe isihame?" binti akauliza. Swali zuri, nikalifurahia kwa siri. Kwa sababu kani ambayo pikipiki inausukumia mkokoteni ni sawa na ile ambayo mkokoteni unairudishia pikipiki, kinyume chake, na kwa muda uleule. Kinachotoka kwa mmoja kinaingia kwa mwingine, iwe chuma kimepinda au hakikupinda. Kitu pekee kinachoweza kuiba ni ardhi. Tuseme mgongano umechukua sehemu ya kumi ya sekunde: mkokoteni wa kilo 300 kutoka sifuri hadi mita 4 kwa sekunde unahitaji kani ya wastani wa nyutoni 12,000. Breki za pikipiki zikikwaruza ardhi wakati huohuo zinatoa kama 1,000. Ardhi inaiba, lakini kidogo. Ndiyo maana tunahesabu momenta kabla tu na mara tu baada ya kishindo, si dakika nzima baadaye.

Hapa Lubunga hatukupaswa kudanganywa na fotokopi kabisa. Reli ya kwenda Ubundu inaanzia kwetu, tangu 1906, kilometa 125 za kuyakwepa maporomoko ya Boyoma. Mtu aliyekulia karibu na stesheni anajua behewa likisukumwa kulifuata jenzake ili yafungamane kunatokea nini: mlio unaokuamsha usingizini, kisha yote mawili yanakwenda polepole kwa pamoja. Yakiwa na uzito mmoja, kasi inabaki nusu, na nishati mwendo inabaki nusu vilevile. Nusu nyingine ndiyo iliyokuamsha na kuvibana vyuma vya katikati. Hata Ulaya mambo haya yalitenganishwa zamani: mwaka 1668 Royal Society ya London ilipoomba kanuni za migongano, Wallis alileta za vitu visivyodunda, Wren na Huygens wakaleta za vitu vinavyodunda. Hawakuzichanganya kwenye karatasi moja na kuiuza kando ya barabara.

Nikawapa watoto njia ya kulikamata kosa hili bila kunisumbua mimi. Angalia kasi ya kukaribiana na kasi ya kuachana. Kabla ya kishindo pikipiki ilikuwa inaukaribia mkokoteni kwa mita 10 kwa sekunde. Katika majibu ya fotokopi, kimoja kinakwenda 8 mbele na kingine 2 nyuma, kwa hiyo vinaachana kwa mita 10 kwa sekunde. Zikiwa sawa, mtu ametumia mgongano nyumbufu, hata kama hakusema. Vitu vikinasana, kasi ya kuachana lazima iwe sifuri. Ajali nyingi za kweli zinakaa katikati ya hizo mbili, na hapo hesabu haitoshi, lazima upimwe mdundo wenyewe.

Kaka mtu, kutoka kwa mbuzi, akauliza tutajuaje kama 4 ndiyo kweli na si 6.32 yake, maana hakuna aliyekuwa na kipima kasi. Nikamwambia apime mburuzo. Tuseme baada ya kunasana vyote vinaburuzika kwenye udongo, na msuguano unapunguza kasi kwa mita 5 kwa sekunde kila sekunde. Kwa mita 4 kwa sekunde vitasimama baada ya mita 1.6. Kwa 6.32 vitakwenda mita 4 kamili. Alama ya mita moja na nusu na alama ya mita nne hata mlevi anazitofautisha.

Na wajue kwamba hasara inategemea nani amegongwa. Kilichosimama kikiwa kilo 300 kati ya jumla ya 500, nishati iliyopotea ni 300 kwa 500, yaani asilimia 60. Pikipiki hiyohiyo ikilinasa lori lililojaa mbao, karibu nishati yake yote inaishia kwenye vyuma na kwenye mifupa. Hilo ningependa liandikwe kwenye fotokopi kwa herufi kubwa, lakini nani ananisikiliza.

Binti akafuta sifuri, akaandika 6,000, akapiga mistari miwili yake mwenyewe. Kisha akauliza, "Koko, sasa hizo jouli 6,000 nani anazilipa?"

Nikamwambia fundi wa kuchomelea anazijua zote, moja moja. Ila yeye hapokei jouli. Anataka faranga, na anataka kabla hajawasha mashine.