Asante kwa Kusahau

Emsii alipiga simu Jumatano usiku. "Mzee, ratiba imebana. Shukrani za familia ni dakika mbili." Nikamwambia hakuna shida. Kisha nikazitazama kurasa zangu nne, zilizojaa mpaka pembezoni. Sherehe ya kumuaga binti yetu ilikuwa Jumamosi.

Nilizisoma kimoyomoyo nikiwa kitandani: dakika tano. Nikajipongeza. Mke wangu akaniuliza, "Baba Watoto, na ukumbini utasoma kimoyomoyo?" Akaniburuta mpaka jikoni, akanisimamisha mbele ya friji, akanipa mwiko uwe maikrofoni, akawasha saa ya simu. Kwa sauti zilikuwa dakika 11. Wali uliungulia kwenye ukurasa wa tatu, nilipokuwa namshukuru mpambaji kwa kuchagua vitambaa vya viti.

Tukala ukoko tukipiga hesabu. Kwa mwendo wa mtu anayetaka kusikika mpaka meza ya nyuma, nilikuwa nasoma maneno 95 hivi kwa dakika. Dakika mbili ni maneno 190. Ila watu watacheka, watapiga makofi, na mimi lazima nivute pumzi. Hayo tukayatengea sekunde 20. Zikabaki sekunde 100, yaani maneno 160 tu. Nusu ukurasa.

Panga lilianzia kwenye salamu. Nilikuwa nimewataja wageni wote kwa vyeo, kuanzia mwenyekiti wa kamati mpaka mjumbe wa mtaa. Mke wangu akafuta yote akaandika "itifaki imezingatiwa." Zaidi ya dakika moja ikaokoka papo hapo. Majina yaliyofuata yalikuwa 31, na hapo tuligombana kweli, kwa sababu ukitaja 30 huwashukuru 30, unamtukana wa 31. Tukaamua asitajwe yeyote isipokuwa mmoja. Waliobaki nikawapigia simu Alhamisi na Ijumaa, mmoja mmoja. Vocha ilikwisha mara mbili. Baba mdogo wa Tanga alizungumza dakika 40, akanishukuru kwa kumshukuru.

Yule mmoja alikuwa shemeji yangu, dada wa mke wangu, mama mkubwa wa bibi harusi. Nilikuwa nimemwandikia sifa ukurasa mzima: mwenye upendo, mwenye huruma, nguzo ya familia. Binti akapita kuchukua maji, akasikiliza, akasema, "Baba, huyo anaweza kuwa mtu yeyote." Iliniuma, maana ilikuwa kweli. Nikatafuta kisa. Cha hospitali kilikuwa kizuri, lakini kilidai kwanza nieleze ugonjwa, wodi, na nani alikuwa safarini. Sekunde 50 zingekwisha kabla shemeji hajaingia. Tukachukua kisichohitaji maelezo, tukakianzia mlangoni:

"Mwaka niliokosa kazi, shemeji alikuwa akija kila Jumapili, na kila akiondoka anasahau mfuko. Mara mchele, mara mafuta, mara unga. Nikimpigia, anasema, 'Basi pikeni, nitauchukua safari nyingine.' Mwaka mzima hakukumbuka hata mfuko mmoja."

Sentensi ya mwisho ilikuwa ninyamaze kwanza, kisha nimgeukie niseme, "Shemeji, asante kwa kusahau." Kunyamaza ndiko kulikonishinda. Nilikuwa nairukia sentensi kama mtu anayekimbilia daladala. Mke wangu akanifundisha kuvuta pumzi na kuitoa mara mbili, polepole, huku macho yakiwa kwa shemeji wala si kwenye karatasi. Mbele ya friji sekunde nne zilikuwa kama nusu saa. Ijumaa usiku nikamaliza kwa dakika 1 na sekunde 51, kucheka kwa watoto kukiwemo.

Jumamosi mambo yakaenda. Ukumbi ukacheka pale pa mafuta, ukatulia pale pa "hata mfuko mmoja." Nikanyamaza. Pumzi ya kwanza. Kwa mazoezi yote yale, hakuna aliyekumbuka kumwambia didjei. Kijana kasikia kimya, kadhani mzee kamaliza, kafungulia muziki wote. Kamati nzima ikasimama na vitambaa. Shemeji mwenyewe akaja kwangu akisakata, machozi yanamtiririka, mimi nimesimama na sentensi yangu mdomoni kama mtu aliyekabwa na mfupa.

Emsii alipomzima didjei, shemeji alikuwa ameshanifikia. Nikamwambia hapo hapo, maikrofoni ikiwa katikati yetu: "Shemeji, asante kwa kusahau."

Akaishika maikrofoni kwa mikono miwili. "Shemeji," akasema, ukumbi mzima ukisikia, "ule wa unga nilisahau kweli. Nilirudi kuuchukua Jumatatu, nikakuta mmeshaukorogea uji."