Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Diwani: Tunaomba fungu la utafiti wa maji lisikatwe

Kwa Mheshimiwa Diwani,
Mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata,
Kata ya Mzenga, Wilaya ya Kisarawe.

Mheshimiwa, kwa heshima na taadhima naomba uniruhusu nikuandikie mbele ya wananchi wenzangu. Najua shughuli zako ni nyingi na muda wa kikao ni mfupi. Mimi ni mmoja wa wakazi walioandaa slaidi za ombi la kituo kipya cha kuchotea maji. Kwa idhini yako, nieleze jambo moja tu ambalo slaidi zenyewe haziwezi kulieleza kwa kina.

Tunatambua, Mheshimiwa, kwamba kamati yako haina sanduku la fedha. Inajadili, inapanga vipaumbele, kisha inapeleka mapendekezo Halmashauri, na maji ya vijijini yako chini ya RUWASA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019. Kwa hiyo slaidi hizi zitasomwa tena na watu ambao hawatakuwepo kutusikia. Ndiyo maana tunaomba kila fungu lijieleze lenyewe.

Slaidi ya kwanza ni ya mahitaji. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilitaka mwananchi wa kijijini apate lita 25 kwa siku, ndani ya mita 400 kutoka nyumbani, na kituo kimoja kihudumie watu 250. Tuchukue mfano wa kitongoji chenye watu 600. Wanahitaji lita 15,000 kwa siku, na vituo vitatu, kwa sababu viwili vinatosha watu 500 tu. Pampu ya sola ikifanya kazi saa sita za jua kali, kisima kitatakiwa kutoa lita 2,500 kwa saa. Takwimu hiyo, Mheshimiwa, ndiyo inayoamua ukubwa wa pampu, wa paneli na wa tenki. Lakini hakuna anayejua kama ardhi itaitoa mpaka ipimwe.

Hapo ndipo penye ombi langu. Katika bajeti, utafiti wa maji chini ya ardhi na upimaji wa kisima ni mafungu madogo, na hayaachi kitu cha kuonyesha. Jumla ikionekana kubwa, mkono hukimbilia huko kwanza. Nakuomba kwa unyenyekevu mkubwa uyalinde.

Utafiti hufanyika kabla ya kuchimba, ili mtambo usiletwe kwa kubahatisha. Wakati wa kuchimba, udongo unaotoka hupangwa mafungu mafungu kufuata kina, na fundi huyasoma kwa macho na vidole. Mchanga wa chembe kubwa hupitisha maji vizuri. Udongo wa mfinyanzi hushika maji bila kuyaachia, hata ukiwa umelowa. Vichujio vya kisima vikiwekwa kwenye mfinyanzi, kisima kitakuwa kirefu na bado maji yatakuwa haba.

Baada ya hapo maji huvutwa kwa saa nyingi mfululizo, mara nyingi siku nzima, huku kina chake kikipimwa mara kwa mara. Kina kikishuka kisha kikatulia, kiasi kile kinachovutwa kinabebeka. Kikiendelea kushuka bila kutulia, kisima kimezidiwa. Pampu iliyofungwa bila kipimo hiki huweza kubaki ikizunguka pasipo maji hadi iungue. Mwisho, sampuli hupelekwa maabara. Kwetu Pwani chumvi ni jambo la kuchunga, na tenki zuri haliwezi kuyafanya maji ya chumvi yanyweke.

Kwa hayo, Mheshimiwa, tunaomba radhi kwa kuleta ombi la hatua mbili. Hatua ya kwanza ni utafiti, kibali cha bodi ya maji ya bonde, uchimbaji, upimaji na maabara. Hatua ya pili ni pampu, tenki, mabomba na vituo, na bei yake tumeiandika kama makadirio, ipitiwe upya majibu ya kisima yakishapatikana. Kisima kikitoa lita 1,500 kwa saa badala ya 2,500, kwa saa sita tutapata lita 9,000, yaani mahitaji ya watu 360. Hapo tutarudi kwako kuomba kisima cha pili au kupunguza eneo la huduma. Hatutanunua pampu kubwa ya kukikausha kile kilichopo.

Nikuombe basi, Mheshimiwa, mambo mawili tu. Muhtasari wa kikao utaje hatua hizi mbili kwa mafungu tofauti. Na ikibidi kupunguza, tupunguziwe idadi ya vituo katika hatua ya pili, kwa kuwa kituo kinaweza kuongezwa mwaka wa fedha unaofuata, lakini kisima kilichochimbwa mahali pasipo na maji hakihamishiki.



Wako mtiifu,
Mkazi wa Kata ya Mzenga