Kushoto kwa nani?

Kwaya yetu hapa Kalemie ilipiga picha ya kalenda ufukweni, asubuhi, tukilipa ziwa mgongo. Tisa walikaa vitini, wanane wakasimama nyuma yao. Kalenda ilipotoka, mtunza fedha wetu, mama mwenye wajukuu, alikuwa amepewa jina la kijana wa sauti ya tena aliyekaa ncha ya pili, na kijana huyo, mwenye masharubu ya juzijuzi, amekuwa “Mama Mtunza Fedha”.

Katibu wetu alikuwa amekaa safu hiyohiyo, na majina aliyaandika usiku kwa kukumbuka nani alikuwa wapi. Ukilipa mgongo Ziwa Tanganyika ukiwa huku kwetu, unatazama magharibi, na mkono wako wa kushoto uko upande wa Moba. Anayeitazama picha analikabili ziwa, kwa hiyo kushoto kwake ni upande wa Uvira. Katibu aliandika kwa moyo mweupe “kutoka kushoto kwenda kulia”, akaanzia Moba. Msomaji akaanzia Uvira.

Na mtu wa kukagua alikuwepo! Mchapaji alimpelekea Mama Prezidenti nakala ya kwanza. Mama akavaa miwani, akajitafuta, akajiona, akatia saini. Tatizo ni kwamba mkubwa hukaa katikati. Wa tano kati ya tisa ni wa tano tu, uanzie Moba au Uvira. Safu nzima hupinduka yeye asiguswe, na ndiye tunayempa kukagua. Kwa maoni yangu nakala apelekewe wa pembeni kabisa, yule ambaye hata soda humfikia ikiwa imekwisha.

Safu ya nyuma ilikuwa na ugonjwa wake. Majina yake aliyachukua mpiga picha mwenyewe, akiwa mbele yao, kwa hiyo kushoto kulikuwa kushoto. Lakini aliyaandika kabla ya kubonyeza, na mpiga ngoma akaja mbio akajipenyeza nafasi ya tatu. Wawili wa mwanzo wako sawa. Mpiga ngoma amevaa jina la jirani yake, jirani la anayemfuata, hivyohivyo hadi wa nane, mzee wa besi, ambaye hana jina kabisa. Dalili hazifanani: pembeni kukiwa na makosa na katikati pakiwa sawa, safu imepinduliwa, mwanzo ukiwa sawa kisha wote wakaharibika, kuna mtu amerukwa. La pili hili lingeonekana kwa kuhesabu vichwa, kisha majina. Vichwa vinane, majina saba.

Wiki ile kalenda ilipotoka, mshonaji wa sare, ambaye tulikuwa tunamdai uvumilivu naye anatudai pesa, alimshika kijana wa tena sokoni. Kijana akaapa kwamba yeye si mtunza fedha. Mshonaji akafungua kalenda.

“Ina muhuri wa parokia,” alisema. “Wewe una nini?”