Mjomba Kasema Poa

Mjomba wangu ni mwalimu wa Kiswahili aliyestaafu, anakaa Likoni, na kinachomkosesha raha si presha wala kunguru wanaomwibia vifaranga. Ni salamu za mpwa wake. Kijana huyo, mtoto wa dada yake mdogo, alipanda basi la usiku kwenda Nairobi kutafuta kazi. Kazi aliipata, ila na mdomo ukabadilika. Aliondoka akisema "shikamoo mjomba" na kuinamisha kichwa. Sasa anaandika hivi:

"Shkamoo anko, niaje? Umepotea sana. Niambie."

Mimi ndiye ninayemsomea Mjomba simu miwani ikikosekana, na kwangu huo ulikuwa ujumbe wa mapenzi matupu. Yeye aliusikiliza kama anasomewa mashtaka.

"Nimepotea wapi? Niko nyumba hii tangu 1983! Aliyepotea ni yeye. Na nimwambie nini, kwani kauliza nini?"

Akaomba simu, akajibu mwenyewe, kwa kidole kimoja, kama alivyofundisha barua ya kirafiki miaka yote ile. Salamu nyingi zimfikie huko aliko. Yeye ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwa aliye mbali. Alipofika kwenye "niambie", maadam kaambiwa aambie, aliambia. Bati la jikoni linavuja. Daktari kakataza chumvi. Mbuzi wa jirani kala kanga mbili uani, na mwenyewe anakana. Fulani kafariki, fulani kaoa mke wa pili na mke wa kwanza bado hajaambiwa. Kidole kilisafiri tangu adhuhuri hadi karibu na alasiri.

Kijana alijibu: "Poa anko," na kikaragosi kinachocheka hadi kutoa machozi. Mjomba alikitazama kile kikaragosi, akauliza kama ndivyo siku hizi watu wanavyotoa rambirambi.

Nilijaribu kumweleza. "Umepotea" ya Nairobi haitafuti mtu aliko. Ni njia ya kusema nimekukumbuka. Hujitetei. Unamrudishia mwenyewe: "Nipo tu, uliyepotea ni wewe," basi, mmeshasalimiana. Na "niambie" haiombi habari. Ni mtu anakusogezea zamu, nawe unamsogezea: "Kwema tu, niambie wewe." Watu wawili wanaweza kuambiana waambiane hivyo mara tatu na asiambiwe mtu chochote, wakaachana wameridhika. Mjomba alisema huo ni upuuzi. Nikamkumbusha kwamba yeye na imamu husimama mlangoni kila Ijumaa, hujambo sijambo, habari za nyumbani nzuri, za watoto nzuri, za tangu juzi nzuri, na siku hiyo imamu ana jino limevimba shavu zima. Akanyamaza kidogo. Akasema hiyo ni adabu.

Kilichomlainisha ni ile "shkamoo" ya mwanzo. Ukiitazama vizuri, kijana alikuwa ameshika huku na huku. Kaweka shikamoo kwa sababu ni mtoto wa pwani na anaogopa mama yake atasikia, kisha kaweka niaje kwa sababu anampenda mjomba wake na anataka wawe marafiki. Salamu mbili zinataka majibu mawili, kila moja na mwenzake: "Marahaba kijana. Poa." Marahaba hutangulia. Ukiiacha, mtoto atajiuliza umekasirikia nini. Ukiacha poa, ukamjibu marahaba kavu, atahisi ameitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Na wala huhitaji kumzidi kwa maneno ya mjini. Mjomba aliwahi kujaribu hilo: kijana aliomba akopeshwe mia tano, naye, kwa fahari kubwa, akamwambia kesho atamtumia "jirongo". Mwaka 1992, kwenye kampeni, noti ya mia tano Kenya nzima iliitwa hivyo, kwa Cyrus Jirongo wa lile kundi la vijana wa Kanu. Kijana hakuwa amezaliwa. Akauliza jirongo ni nani na kwa nini anatumwa kwake.

Basi Mjomba akakubali poa. Aliipenda hata. Ni fupi, haina ngeli, haihitaji miwani. Akaanza kumjibu kila mtu poa, na hapo ndipo nyumba yetu ilipoingia hasara.

Ujumbe ulikuja Jumatano: "Niaje anko. Nakam Sato na mabeshte wanne, tulale hapo hadi Jumapili. Iko sawa?"

Mjomba aliona "niaje", akafurahi kwamba hii anaijua, akaandika "Poa," akafunga simu, akaenda kuswali. Hayo ya mbele hakuyasoma. Kwake salamu hujibiwa kwanza, mengine huja baadaye.

Jumamosi asubuhi alikuwa barazani na kikoi na fulana yenye matundu mawili, anangoja changu wake mmoja akaangwe. Mlangoni wakasimama vijana watano wenye mabegi, mmoja kabeba gitaa. Changu aligawanywa kwa hesabu ambayo hata mwalimu wa hisabati angeiogopa. Mahamri ya Jumapili yaliisha usiku uleule. Mjomba alilala chumbani kwangu, mimi nikalala kwa jirani mwenye mbuzi.

Walipoondoka alitaka kujua ni lini alikaribisha watu. Nikamfungulia simu, nikamwonyesha poa yake imekaa chini ya "iko sawa?" Poa hiyohiyo ndiyo jibu la salamu na ndiyo jibu la makubaliano, na msomaji huichukua ile inayomfaa. Ujumbe ukiwa na niaje mbele na ombi nyuma, poa moja haitoshi, uitie kamba kwenye salamu, kisha ombi ulijibu peke yake: "Poa kijana, wewe je? Sato haiwezekani, labda mwisho wa mwezi." Na usiishie njiani ukasema utamalizia baadaye, maana ukituma nusu ya kwanza peke yake, gitaa liko njiani.

Tangu hapo Mjomba anasoma ujumbe hadi nukta ya mwisho, tena mara mbili. Juzi juzi likaja neno jipya, peke yake: "Rada?"

Hili hakuniuliza. Aliwaza mwenyewe kwamba rada ni ile mitambo ya uwanja wa ndege, ya kutazama anga, kwa hiyo kijana anaulizia hali ya hewa. Akachungulia dirishani. Upande wa bahari wingu lilikuwa jeusi ti. Akaandika kwa uaminifu wa mwalimu: "Rada chafu."

Simu ililia kabla hajaiweka mezani. Kijana anahema: kuna nini, nani mgonjwa, uko hospitali gani? Mjomba akamwambia hakuna mgonjwa, ila mvua inakuja na lile bati la jikoni bado linavuja. Kule kukawa kimya, kisha kijana akacheka, kisha akasema, "Anko, acha nikusort na thao."

Mpesa ikaingia, shilingi elfu moja. Mjomba akaniita niisome, akaniambia niisome tena, akauliza hiyo rada kwa kawaida watu huijibuje. Nikamwambia mtu mzima asiye na shida husema safi, au fiti, yamekwisha.

"Na chafu ni shida?"

"Ni shida, Mjomba."

Leo asubuhi jua limewaka hadi kunguru wamejificha. Kijana kauliza rada. Mjomba kavaa miwani, kaenda kusimama chini ya bati la jikoni, katazama juu kwa muda mrefu, halafu kaanza kuandika kwa kidole kile kimoja. Nimeona herufi ya kwanza. Ni "ch".